Geuza Chupa: Mafuta Husomwa Nyuma

Wasee, leo tugombane kidogo kuhusu mafuta. Si petroli, hiyo tumeshagombana vya kutosha. Naongea kuhusu saladi, ile chupa ya njano iko kwa kila duka kuanzia Shauri Moyo mpaka Muthurwa. Msimamo wangu ni huu: mbele ya chupa ni tangazo, nyuma ya chupa ndiyo mafuta yenyewe. Na wengi wetu tunanunua ya mbele.

Angalia vile inaendanga. Umetumwa dukani, ama umehama kwenu juzi na sasa unajipikia kwa bedsita. Umesimama mbele ya rafu. Chupa ya kwanza ina picha ya ua kubwa la alizeti. Ya pili imechorwa nyanya, pilipili hoho na karoti, na juu imeandikwa vejitabo oili safi, asilimia 100. Ya tatu ina moyo mwekundu na maneno kwamba haina kolesteroli. Unafikiria sekunde tano, unachukua ya moyo kwa sababu mathe ana presha, unaenda.

Sasa zigeuze zote tatu. Usishangae ukipata ya pili na ya tatu ni kitu kimoja kabisa, tofauti ni mchoraji wa lebo. Na hakuna nyanya wala hoho iliyowahi kukamuliwa kuingia kwa hiyo chupa. Neno "mboga" kwa lugha ya lebo halimaanishi sukuma. Linamaanisha tu kwamba mafuta yametoka kwa mmea, hayakutoka kwa ng'ombe ama nguruwe. Mmea gani? Hapo mbele hawakwambii. Inabidi utafute orodha ya viungo, maandishi madogo ya nyuma, na hapo mara nyingi utakutana na neno moja: pam olini. Kwa Kiswahili tuseme olini ya mawese.

Hii olini ndiyo tunakula Nairobi, hata kama hujawahi kusikia jina lake. Mawese ni mafuta ya mchikichi, ule mti unaofanana na mnazi mfupi na unaozaa vishada vya matunda mekundu. Kenya tunaagiza sehemu kubwa ya mafuta yetu ya kula kutoka nje, na mawese ndiyo yanaongoza, hasa kutoka Malesia na Indonesia. Yanashuka Mombasa kwa meli, yanaingia viwandani, yanatoka na majina tofauti. Ndiyo maana Indonesia ilipozuia mawese yake yasiuzwe nje tarehe 28 Aprili 2022, ikafungulia tena Mei 23, msee wa chapo huku Eastlands alihisi. Na kabla ya hapo Februari vita vya Ukraini vilikuwa vimeshika alizeti, kwa sababu Ukraini ndiyo ilikuwa muuzaji mkubwa wa mafuta ya alizeti duniani. Kwa hivyo huo mwaka hakukuwa na pa kukimbilia.

Turudi kwa tunda. Mafuta ya mawese yakiwa kwa joto la kawaida la chumba huwa mazito, nusu yameganda nusu maji. Kiwandani wanayapoza polepole, ile sehemu nzito inaganda kwanza, wanaichuja. Kinachobaki kikiwa maji ndicho olini, kinaingia kwa chupa. Kile kizito kinaitwa stearini, na hicho ni malighafi nzuri ya mafuta ya kopo na ya sabuni. Kwa hivyo wale watu kwenye familia husema "sisi tuliacha kimbo, siku hizi tunatumia saladi," wakati mwingine wamehama kutoka chumba kimoja cha nyumba hadi chumba kingine. Kuna tofauti, ndiyo, sehemu ya maji ni nafuu kidogo kuliko sehemu nzito. Lakini si mmea mwingine.

Na hapa ndipo nitaeleza ile siri ya Julai.

Kila Julai, baridi ikikaa vizuri, kuna mtu kwa ploti atatoka na chupa mkononi akilalamika kwamba ameuziwa mafuta feki. Ndani kuna kitu cheupe kimetulia chini kama uji, juu mafuta ya njano. "Wameweka kimbo ndani!" Mwaka juzi kwetu kulikuwa na mjadala mzima kwa ngazi, mama mmoja anataka kurudisha chupa, jirani anamwambia hiyo ni nta, mwingine anasema ni plastiki ya Wachina. Hakuna feki hapo. Ni olini ya mawese inafanya tabia yake. Imebaki na chembe za yale mafuta mazito, na asubuhi za Nairobi zikishuka hadi nyuzi kumi na kitu kwa siku kadhaa, zile chembe zinashikana. Weka chupa karibu na jiko ama kwa maji vuguvugu, itarudi kuwa safi kama ilivyokuwa. Haijaharibika.

Ukishajua hiyo, una kipimo cha bure. Chukua kijiko viwili vitatu vya mafuta, weka kwa glasi ndogo, ingiza kwa friji usiku mzima, si kwa frizi, kwa friji ya kawaida. Olini ya mawese itakuwa nyeupe na nzito asubuhi. Alizeti iliyosafishwa itabaki maji, unaona mpaka chini ya glasi. Kama chupa yako ina ua mbele na bei ya ua, halafu asubuhi unakuta mafuta ya kupaka, una sababu ya kurudi kusoma vile viungo tena. Labda ni mchanganyiko, na mchanganyiko si wizi mradi umeandikwa: viungo hupangwa kwa wingi, kilicho kingi kinatajwa kwanza. Kama mawese yametajwa mbele ya alizeti, basi umenunua mawese yenye alizeti, ua ni mapambo.

Lakini hiki kipimo kina mipaka, msikipeleke TikTok mkasema nimesema kinaonyesha mafuta mabaya. Kinaonyesha aina tu. Mafuta ya nazi pia yanaganda na hakuna mtu Mombasa analia. Na alizeti ambayo haijasafishwa inaweza kufanya ukungu kidogo kwa friji kwa sababu ya nta ya maganda ya mbegu. Pia kuna olini iliyochujwa mara mbili, ambayo inavumilia baridi zaidi kabla ya kuganda. Kwa hivyo ukiona chupa inajisifu kwamba imechujwa mara mbili, jua wanaongea kuhusu sura ya mafuta wakati wa Julai. Hawaongei kuhusu moyo wako.

Sasa kusafishwa. Hili neno limechafuliwa jina mtandaoni, kila msee mwenye simu anasema mafuta yaliyosafishwa ni sumu na yasiyosafishwa ni dawa. Tulieni kwanza.

Mafuta yakikamuliwa yanatoka na rangi, harufu, vipande vya mbegu, unyevu, na asidi ambazo zinafanya yaharibike haraka na yatoe moshi mapema. Kusafisha ni kuondoa hizo. Kwa mawese, karatasi za biashara huandika herufi tatu, RBD, na ile B ya kati ndiyo huogopesha watu kwa sababu wakitafsiri wanapata neno la kung'arisha, wanafikiria Jik. Hakuna Jik. Mafuta yanachanganywa na udongo maalum mkavu ambao unanyonya rangi, halafu udongo unachujwa. Baada ya hapo yanapashwa moto mkali, zaidi ya nyuzi 200, ndani ya mtungi usio na hewa huku mvuke ukipitishwa kuondoa harufu. Ndiyo maana saladi yako hainuki chochote.

Kuna kitu kinapotea hapo, na hiki ndicho kinaniudhi kidogo. Mawese yakiwa mabichi ni mekundu kabisa. Watu wa Kigoma wanayajua, Wakongo wanayajua, ukipikia maharagwe yanatoka na rangi ya jua likizama. Ile rangi nyekundu ni karotini, na mwili hubadilisha karotini kuwa vitamini A. Kiwanda kinaitoa yote ili sisi tupate mafuta ya njano hafifu yasiyo na harufu. Halafu, tangu 2012, sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia yanayopakiwa yaongezwe vitamini A. Kwa hivyo tunaitoa kwa mlango wa mbele, tunairudisha kwa dirisha. Ndiyo ile nembo ya Kuboresha Afya unaona kwa paketi ya unga na kwa chupa. Sisemi sheria ni mbaya. Ni nzuri, kwa sababu mtu wa kawaida Nairobi hatakubali chapo nyekundu yenye harufu ya mchikichi. Nasema tu ujue kwamba kuona vitamini A kwa lebo haimaanishi hiyo kampuni inakupenda. Ni sheria.

Na ile ya "haina kolesteroli"? Kolesteroli ni kitu cha wanyama. Mafuta ya mimea hayana ya kuhesabika, si ya mawese, si ya alizeti, si ya mahindi. Kuandika hivyo kwa chupa ya saladi ni kama kuandika kwa paketi ya chumvi kwamba haina mifupa. Ni kweli kabisa na haikusaidii chochote. Presha ya mathe haijaguswa na hayo maneno.

Kinachogusa ni mstari mwingine, uko kwa ile jedwali ndogo ya lishe, umeandikwa kwa Kiingereza sachureti. Tuyaite mafuta yaliyoshiba. Haya ndiyo yanafanya mafuta yagande, na ukila mengi kila siku yanapandisha kolesteroli mbaya ambayo ini lako lenyewe linatengeneza. Kwa kila gramu 100, olini ya mawese ina kama gramu 40 hadi 45 za mafuta yaliyoshiba. Alizeti ina kama 11. Hiyo ndiyo tofauti ya kweli kati ya zile chupa, na iko kwa maandishi madogo kuliko yote.

Hebu tufanye hesabu ya nyumba moja. Nyumba ya watu wanne, wanamaliza lita moja ya saladi kwa siku kumi. Lita ya mafuta haina kilo moja, mafuta ni mepesi kuliko maji, ina kama gramu 910. Gawanya kwa siku kumi, gawanya kwa watu wanne, kila mtu amekula kama gramu 23 kwa siku. Kama ni olini ya mawese, karibu gramu 10 kati ya hizo ni zile zilizoshiba. Kama ni alizeti, ni gramu mbili na nusu hivi. Shirika la Afya Duniani linasema yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula, na kwa mtu anayekula kalori 2000 hiyo ni kama gramu 22 kwa siku. Kwa hivyo hii familia ya mawese iko karibu nusu ya njia kabla ya kuhesabu maziwa ya chai, nyama ya Burma na smoki mbili za jioni. Si mbaya sana. Wana nafasi.

Sasa ile nyumba nyingine, watu wanne hao hao, lakini wanamaliza lita kwa siku tano. Tunajua hizi nyumba, sukuma inaogelea. Kila mtu anakula gramu 45 za mafuta. Kwa mawese, yaliyoshiba yamefika karibu gramu 20, nafasi imeisha kwa sufuria peke yake. Hapa alizeti ingewasaidia sana, wangeshuka hadi gramu tano. Lakini angalia kitu kingine: hii nyumba ikipunguza tu mkono, lita ifike siku kumi na mawese yale yale, wameshuka nusu na wameokoa pesa ya lita nzima kila siku kumi. Ukiambiwa na mtu wa mtandao kwamba lazima uhamie chupa ya bei ghali ndipo uwe na afya, muulize kwanza lita yake inakaa siku ngapi.

Msimamo wangu basi, na hapa mnaweza kunipiga mawe: olini ya mawese si aibu na alizeti si uchawi. Kila moja ina kazi yake. Ya kukaangia vitunguu na nyanya kila siku, kama mfuko unaruhusu, chukua alizeti ama mahindi ama soya, ile Elianto kwa mfano ni ya mahindi. Tumia kidogo. Lakini kwa karai, wacha mawese yafanye kazi.

Namaanisha karai kweli, zile kubwa zinagongwa Kamukunji. Kuna mama anauza mandazi na viazi karai karibu na kwetu, mafuta yake yanachemka kutoka saa kumi na moja asubuhi. Nilimuuliza mbona hatumii alizeti, akanijibu, "Kijana wangu, hiyo ilinifanyia povu siku ya pili, na karai ikawa na gundi haioshiki." Hakuwa anabahatisha. Alizeti ya kawaida ina mafuta mengi ya aina ambayo inashambuliwa haraka na hewa na moto. Ukiipasha saa nyingi, siku baada ya siku, inavunjika, inakuwa nzito, inatoa povu, inaacha ile gamu ya kahawia ukingoni mwa karai. Ile gamu ni mafuta yaliyobadilika, na kile kilichobadilika kiko pia ndani ya andazi. Mawese kwa sababu yameshiba zaidi yanavumilia. Sifa ile ile ambayo inayafanya yasiwe rafiki wa mishipa ukiyala mengi ndiyo inayafanya yawe mazuri kwa kazi ndefu ya moto. Kuna alizeti ya mbegu maalum yenye oleiki nyingi ambayo inavumilia pia, lakini bei yake si ya mtu wa mandazi ya mbao mbili.

Na kuvumilia si kuishi milele. Karai ya mawese pia inafika mwisho. Yakiwa meusi, yakianza kutoa moshi kabla hata hujaweka kitu, yakifanya povu dogo dogo ambalo haliondoki, yakinata kidoleni yakiwa baridi, hayo yamekwisha. Kuongezea mapya juu ya hayo hakuyaponyi, unaharibu tu yale mapya. Ukiwa unanunua chipo, hiyo ndiyo ya kuangalia, usiangalie rangi ya kibanda.

Yasiyosafishwa, tafadhali, usiyapeleke kwa karai kabisa. Ile alizeti ya kukamuliwa tu na kuchujwa, kama ile inatoka Singida huko Tanzania ikiuzwa kwa chupa kando ya barabara, ni tamu. Ina harufu ya mbegu yenyewe, ina rangi iliyokolea, chini kunakuwa na vumbi kidogo. Ipikie maharagwe kwa moto wa chini, imwagie kwa kachumbari. Lakini inaanza kutoa moshi mapema sana kuliko ile iliyosafishwa, na joto la kukaangia chipo, nyuzi 170 au 180, kwake ni mateso. Kuna wasee wanaiuza supa kwa chupa nyeusi ya kioo, bei mara tatu, halafu kwa video wanakaangia kuku nayo. Hiyo ni kuchoma pesa na unaona moshi wake. Pia haikai. Mafuta yasiyosafishwa yakianza kunuka kama kreyoni za nasari ama rangi ya nyumba ya zamani, yameoza kwa lugha ya mafuta. Hata yaliyosafishwa hufika huko, inachukua muda mrefu tu.

Sasa nifike kwa kile kilichonifanya niandike. Yote nimesema juu ni ya mtu aliye na chupa. Lakini wengi wetu Shauri Moyo hatununui chupa. Tunanunua ya kupima. Ya mbao, ya fifte, unaenda na kikombe ama na chupa ya soda, buda wa duka anabonyeza mashine ama anachota kutoka mtungi. Siwezi kumcheka mtu anayenunua ya kupima, ni jioni, uko na mbao, unataka kula leo. Ubaya ni kwamba ukinunua hivyo umepoteza kila kitu ambacho nimekufundisha kusoma. Hakuna kiungo, hakuna tarehe, hakuna vitamini, hakuna jedwali. Mtu mwenye mia tatu anajua anakula nini, mtu mwenye mbao anaamini tu.

Na ile vitamini A iliyowekwa kwa sheria? Mwanga na hewa vinaiua. Mtungi mweupe unaopitisha mwanga, umekaa mlangoni kwa duka ukipigwa na jua la saa nane, kifuniko wazi, siku baada ya siku, unapoteza vitamini polepole ingawa mafuta yanaonekana yale yale. Mafuta yenyewe pia yanazeeka haraka hapo. Mtu ambaye sheria ilimlenga zaidi, yule asiye na pesa ya maini na maziwa kila siku, ndiye anapata mafuta yaliyokaa juani.

Lakini si kwamba huna la kufanya. Yale mafuta hayakushuka kutoka mbinguni, yalitoka kwa mtungi wa lita 20, na huo mtungi una lebo. Una haki ya kuuliza uuone. Angalia vitu vichache tu: mafuta ya nini, tarehe ya mwisho, na alama ya ubora ya KEBS ikiwa na namba ya kibali chini yake. Hiyo namba inapimika. Unaandika ujumbe `SM#` ukifuatiwa moja kwa moja na ile namba, unatuma kwa 20023, unaletewa jina la bidhaa na kampuni. Kama jibu linasema sabuni na wewe uko na mafuta, umeshajua.

Halafu uliza mililita. Mashine nyingi zinaonyesha, lakini watu hatuangalii, tunaangalia pesa. Chukulia lita kwa chupa ni 300 na buda anakupimia mililita 60 kwa mbao. Lita ina 60 mara kumi na sita na kitu, kwa hivyo hiyo lita yako imekuwa kama 333. Akikupimia 70, imeshuka hadi kama 285 na kupima kumekuwa nafuu. Mililita kumi, kijiko kidogo mara mbili, zinabadilisha kila kitu. Duka moja na lingine kwa barabara moja hazipimi sawa, nimezunguka na kikombe nikaona.

Na usikubali ya rangi ya chai. Olini mpya ni njano hafifu na hainuki. Ikinuka vitunguu ama samaki, hiyo imetoka kwa karai ya mtu, haijatoka kwa mtungi.

Mimi nilimwomba buda wa duka letu anionyeshe mtungi. Aliniangalia kama kanjo. "We unataka mafuta ama unataka kusoma?" Nikamwambia, "Vyote, buda, na nakuomba uutoe hapo juani." Alinung'unika, lakini aliugeuza nikaona: olini ya mawese, vitamini A, tarehe ilikuwa bado miezi saba. Nilichukua ya fifte. Wiki iliyofuata mtungi ulikuwa umeingia ndani, nyuma ya magunia ya unga, na alikuwa ameufunika kwa gunia tupu. Sijui kama ni mimi ama ni jua lilimchosha.

Nyumbani ukifika, mwaga kwa chupa kavu yenye kifuniko, kavu kabisa kwa sababu maji yanaharakisha kuoza, na uiweke kabatini mbali na jiko. Usinunue zaidi ya kile utamaliza kwa wiki moja au mbili. Usichanganye na masalio ya karai ya Jumapili.